Omu Themanini na Tatu

Watu waliofanya kazi na fundi mkuu wa mitambo katika kile kituo cha redio walimwita Bwana Omu, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake, kwa kuwa la wazazi hakulitolea jasho. Omu, kwa asiyejua, ni kipimo cha ukaidi wa umeme: kinachokataa kuupitisha kina omu nyingi, kinachokubali kina omu chache. Mkewe alisema waliompa jina hilo hawakukosea, ila walimpunja idadi.

Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni na mita ya kupimia umeme shingoni. Mita ile aliining'iniza kwa kamba kama daktari na kipimo chake cha moyo, na aliipeleka kila mahali, hata msalani. Mtu akibishana naye juu ya waya, betri au swichi, hakujibu kwa maneno. Aliishika mita, akagusa huku na kule, akamgeuzia mbishi kioo asome mwenyewe. "Mimi sina neno," alikuwa akisema. "Mwenye neno ni huyu." Ni njia nzuri ya kuishi, mradi mtu akumbuke kwamba mita hujibu swali ililoulizwa, wala haina mdomo wa kusema kwamba swali lenyewe ni la kijinga.

Mwaka ule kituo kilimwajiri fundi wa pili, kwa majaribio kwanza. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeamua kama ni njema, fundi huyo alikuwa mume wa binti yake. Bwana Omu hakumpendekeza. Alijitoa kwenye usaili na kwenda kukaa kwenye gari. Kijana alipita mwenyewe. Meneja, mama mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko kelele, aliwaita wote wawili akasema, "Nyumbani ni mtu na mkwe wake. Hapa ni fundi mkuu na fundi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Bwana Omu.

"Ndiyo, mama," alisema mkwe, huku akimwangalia baba mkwe aone kama amekubali kwa sauti inayofaa.

Kisha eksaita ikafa. Eksaita ni kisanduku kinachopokea sauti kutoka studio na kuipandisha juu ya wimbi la redio. Wimbi hilo huingia kwenye amplifaya, kabati refu lenye feni, ambalo huliongezea nguvu ya kupanda mnara na kwenda kwa wasikilizaji. Eksaita mpya ilikuja na tabia zake. Ukiishusha chini ya wati ishirini, wimbi lilipepesuka na sauti ikakoroma. Amplifaya nayo, ya zamani na yenye tumbo dogo, ilitaka wati tano tu mlangoni. Kuilisha ishirini ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kumwagia ndoo ya maji usoni.

Dawa yake ni kipunguzi: kisanduku cha rezista, yaani vipande vyenye omu za kupimwa, kinachokaa kati ya hao wawili, kikapitisha robo ya nguvu na kuichoma iliyobaki iwe joto. Kupunguza peke yake si kazi. Hata waya mbovu hupunguza. Kazi ni kupunguza bila pande mbili kushtuka. Eksaita imezoea kuona omu hamsini mbele yake. Amplifaya imezoea kuona omu hamsini nyuma yake. Yeyote kati yao akiona vingine, sehemu ya wimbi hugoma mlangoni na kurudi ilikotoka.

Kazi hiyo alipewa mkwe. Aliikalia asubuhi moja na kikombe cha chai kilichopoa. Robo ya nguvu ni nusu ya volti, kwa kuwa nguvu hufuata volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Wenye kazi huita punguzo hilo desibeli sita. Akachora herufi T: mikono miwili imelala njiani, mguu mmoja umeshuka ardhini, yaani kwenye bati la kisanduku. Hesabu ikampa kila mkono omu kumi na sita na theluthi mbili, na mguu omu sitini na sita na theluthi mbili. Kisha akaikagua kwa kutembea kinyumenyume. Mkono wa mwisho, ukijumlishwa na hamsini za amplifaya, ni sitini na sita na theluthi mbili. Hizo zimekaa sambamba na mguu wenye omu zilezile, basi umeme unagawanyika sawa kwa sawa, na pamoja zinakuwa nusu: thelathini na tatu na theluthi. Ongeza mkono wa kwanza. Hamsini kamili. Hesabu ilifunga kama mlango wa jokofu.

Hakusahau joto. Kati ya wati ishirini, mkono wa kwanza ungekula karibu saba, mguu karibu saba, mkono wa mwisho kama moja na nusu hivi, na tano zingefika. Akachukua rezista bapa za kufungwa kwa skrubu kwenye bati nene la alumini: tatu za omu hamsini sambamba kwa kila mkono, tatu za omu mia mbili sambamba kwa mguu. Akalehemu kwa nyaya fupi, akafunga soketi pande zote mbili, akafuta vumbi. Kilikuwa kitu kizuri. Akakipeleka mezani kwa baba mkwe kabla ya kukifunga mtamboni, kwa heshima tu.

Mezani pale, siku hiyo, alikuwepo pia meneja, aliyetaka kujua redio itarudi lini kwenye nguvu yake, na mtangazaji wa asubuhi, ambaye hakutaka kujua chochote ila alipenda kuwepo penye watu. Bwana Omu alikigeuzageuza kisanduku, akasifu lehemu, kisha akaishika mita. Ncha moja ndani ya soketi, ncha nyingine kwenye bati.

Mita ikasema themanini na tatu.

Akajaribu upande wa pili. Themanini na tatu.

"Hiki kilitakiwa kiwe ngapi?" aliuliza.

"Hamsini, baba. Lakini hapo inabidi upande wa pili uwe na mzi—"

"Hamsini." Bwana Omu akamgeuzia meneja kioo cha mita. "Soma, mama. Mimi sina neno."

"Themanini na tatu," alisoma meneja.

"Sasa, mwanangu, chuo ulisoma hesabu au ulisoma menyu ya mkahawani? Themanini na tatu na hamsini zinafanana wapi?"

Mtangazaji akacheka kwa sauti ile ile aliyolipwa kuitumia asubuhi. "Mzee, mpunguzie kijana! Si ndiyo kazi ya hicho kisanduku?"

"Mita haina mkwe," alisema Bwana Omu, na akaona limekaa vizuri, akalirudia.

Mkwe alifungua mdomo. Ilikuwa wazi kwamba ana sentensi ndefu ndani, yenye hesabu. Akaitazama, ikiwa sentensi hutazamwa, akaona itabidi aanze na "Baba, umekosea," mbele ya mkuu wa kazi na mbele ya mtu mwenye kipaza sauti. Akaufunga mdomo.

Basi Bwana Omu akakisahihisha mwenyewe. Alitwaa rezista nyingine tatu za mia mbili, akazilehemu sambamba na zile za mguu, mguu ukawa nusu ya ulivyokuwa. Akapima. Hamsini! Akawaonyesha wote, hata mfagizi aliyekuwa akipita. Akafunga kifuniko, akakiweka mtamboni, akabandika utepe, akaandika kwa kalamu nyekundu: KISIGUSWE.

Kuanzia siku hiyo redio iliumwa. Haikufa, iliumwa. Sindano ya nguvu kwenye amplifaya, iliyozoea kusimama wima, ikaishia katikati. Sindano ya mawimbi yanayorudi ikajinyanyua kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali kisha akaghairi. Mjini walisikia vizuri. Wa mbali, upande wa mashamba na machimbo, walisikia habari zikikaangwa. Simu zikaingia.

"Mtangazaji, mbona unaongea kama uko ndani ya gunia?"

"Ni hali ya hewa, mama."

"Huku jua linawaka, mwanangu."

Bwana Omu alikagua mnara, akakagua kebo, akabadilisha soketi, akalaumu feni. Sehemu moja tu hakuigusa, kwa kuwa alikuwa ameandika mwenyewe isiguswe. Meneja, ambaye hakujua mtambo lakini alijua kalenda, aliona jambo moja: eksaita mpya ilifika nzima, kijana akatengeneza kisanduku, redio ikaugua. Muda wa majaribio ulikuwa unakwisha. Akamwita fundi mkuu.

"Niambie ukweli. Kijana anaweza kazi?"

"Bado anajifunza," alisema Bwana Omu. Alikuwa ameazimia kutompendelea mkwe, na alijiona mwadilifu sana.

"Basi niletee kitu cha kunionyesha. Sitaki kumwachisha mtu kazi kwa maneno matupu. Nionyeshe kipunguzi cha kweli kikoje na chake kilikuwaje. Jumatatu nitaamua."

Ombi la haki kabisa. Ijumaa mchana, wenzake wakiwa chakulani, Bwana Omu alifungua droo ya chini ambamo kituo kilihifadhi vifaa vya kiwandani visivyotumika, vilivyofungwa kwa nailoni. Alitafuta kipunguzi cha desibeli sita, omu hamsini, chenye chapa na namba zilizochongwa. Akakipata, kizuri, kinang'aa. Akaweka ncha za mita.

Themanini na tatu.

Akaitikisa mita. Akabadilisha betri. Themanini na tatu. Akasema moyoni kimeharibika kwa kukaa, akachukua cha desibeli kumi. Sitini na moja. Akachukua kile alichokijua, cha desibeli ishirini, alichokitumia miaka yote kulinda vipimo vyake. Hamsini na moja, kama siku zote.

Hapo akakaa chini.

Alikuwa amepima vipunguzi vya ishirini maisha yake yote, mikono mitupu, upande wa pili wazi, na kila mara alisoma hamsini na kitu. Akajitungia sheria: kipunguzi chema husoma hamsini. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Kipunguzi kikali ni ukuta mnene. Aliye upande huu hajali kama upande ule kuna mtu au hakuna. Kipunguzi chepesi ni pazia. Upande wa pili ukiwa mtupu, hapa panajulikana: mita husoma mkono mmoja na mguu tu, themanini na tatu. Ndiyo maana cha sita kilitaka amplifaya iwepo, au rezista ya omu hamsini ikae mahali pake, ndipo kiseme hamsini. Mzigo. Kijana alikuwa amefika kwenye "mzi".

Alichukua rezista ya hamsini, akaishikilia kwa kidole kwenye soketi ya pili ya kile cha kiwandani, akapima. Hamsini. Aliiondoa. Themanini na tatu. Aliirudisha. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayebonyeza jino bovu.

Kisha akapiga hesabu ya kazi yake mwenyewe, na mkono wake haukuwa na raha kuandika. Mguu thelathini na tatu, sambamba na sitini na sita, ishirini na mbili. Ongeza kumi na saba kasoro kidogo. Eksaita ilikuwa inaona omu thelathini na tisa, si hamsini. Na amplifaya, badala ya wati tano, ilikuwa inapata pungufu ya tatu. Nusu ya redio alikuwa ameila yeye kwa rezista tatu na utepe.

Mtu mwema angemwita mkwe wake palepale. Bwana Omu alikuwa mtu mwema kwa kiasi. Aliomba studio izime mtambo kidogo, akabandua utepe, akang'oa zile rezista tatu, akaziweka mfukoni, akawasha. Sindano ikapanda ikasimama wima. Ile ya mawimbi yanayorudi ikalala.

Mpango wake, kama ulikuwepo, ulikuwa kwamba redio ikipona jambo litasahaulika. Hakumfikiria mtangazaji, aliyetoka studio mbio. "Mzee! Wa machimbo wamepiga wanasema wanasikia hata ninavyomeza mate!" Wala hakumfikiria meneja, aliyekuja akaitazama sindano na kumpa mkono.

"Tatizo lilikuwa nini?"

"Kile kisanduku," alisema Bwana Omu. Lilikuwa jibu la kweli. Baadaye alijaribu kujituliza nalo, likakataa.

"Nilijua. Asante, fundi. Sasa sihitaji hata kuonyeshwa."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amerudi kutoka chakulani, kijiti cha meno mkononi. Aliitazama sindano, akautazama utepe uliobanduliwa, akautazama mfuko wa shati la baba mkwe uliovimba. "Hongera, baba," akasema, na akaenda kuosha mikono.

Jumapili kulikuwa na chakula kwa binti. Ilikuwa imepangwa zamani, na mkewe Bwana Omu hakukubali habari ya kuumwa kichwa. Mkwe alimpokea mlangoni, akamvutia kiti chenye mto, akamnawisha mikono kwa birika. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kipimo kilekile anachokipenda. Nyama nzuri ikaelekezwa upande wake wa sahani.

"Baba," alisema binti, "barua yake ya kazi lini? Nimemuuliza huyu anasema niache watu wafanye kazi zao. Wewe si ndiye mkubwa pale?"

"Meneja ndiye anayeamua."

"Lakini anakuuliza wewe."

"Mwache baba ale," alisema mkwe.

"Namzuia mdomo? Nauliza tu. Nyumba hii inataka kujua kama mwezi ujao tunahama au hatuhami."

"Ongeza mchuzi, baba," alisema mkwe, na akaongeza mwenyewe.

Bwana Omu alikula kila kilichowekwa mbele yake. Hakukumbuka ladha ya hata kimoja. Mkewe njiani alimuuliza mbona amekuwa bubu. Akasema ni tumbo. Mkewe akasema tumbo halijawahi kumnyamazisha.

Jumatatu asubuhi waliketi ofisini kwa meneja: yeye, meneja, mkwe, na mtangazaji aliyekuja kuomba ruhusa ya mambo mengine na akasahau kuondoka. Barua ilikuwa mezani, imepinduliwa uso chini, kwa adabu.

"Kabla hujasema," alisema Bwana Omu, "kosa la kisanduku ni langu."

"Najua umejisikia vibaya kama mkuu wake," alisema meneja. "Kiongozi hubeba."

"Sibebi. Nimekosa. Kisanduku chake kilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekiharibu."

"Na ndiye uliyekitengeneza."

"Nilikitengeneza kwa kuondoa nilichokiharibu!"

"Mzee una unyenyekevu," alisema mtangazaji. "Mimi ningesherehekea."

Hapa ndipo alipogundua ubaya wa ufundi. Mwizi akikiri, kila mtu anaelewa. Mlevi akikiri, kila mtu ameshajua. Lakini aibu yake yeye haikuweza hata kuonekana mpaka kwanza aifundishe. Watu hawa wawili walimtazama kwa huruma, wakidhani anamkingia kifua mume wa binti yake, jambo ambalo ndilo hasa aliloapa kutolifanya.

"Nisubirini," akasema.

Akaleta kisanduku cha kiwandani na rezista ya hamsini, akaivua mita shingoni. Akaviweka juu ya meza ya meneja, juu ya barua. Akapima. "Soma."

"Themanini na tatu," alisoma meneja. "Nacho kibovu?"

"Kimetoka kiwandani. Hakijawahi kutumika. Sasa." Akaishikilia rezista upande wa pili. "Soma."

"Hamsini." Meneja akavuta kiti karibu. "Ondoa." Akaondoa. "Themanini na tatu. Rudisha. Hamsini." Akaionyesha rezista kwa kidole. "Kwa hiyo ukipima bila hicho..."

"Unapima chumba ambacho nusu yake haipo. Kijana alipiga hesabu kikiwa na mzigo. Mimi nilipima mikono mitupu, nikakuta chake si hamsini, nikaongeza rezista mpaka mita ifurahi." Akazitoa zile tatu mfukoni, akazipanga mezani. "Hizi. Zimekula nusu ya redio yenu. Mita ilifurahi. Nilimcheka mbele yenu."

Meneja akazihesabu zile rezista kwa ncha ya kalamu.

"Na Ijumaa?" aliuliza meneja kwa ile sauti ya chini. "Nilipokushukuru?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulipokea."

"Nilipokea."

Meneja alimgeukia mkwe. "Wewe ulijua?"

"Siku ileile, mama."

"Mbona hukusema?"

Kijana alitafuta mahali pa kuweka macho, akaona dirisha. "Nilianza."

Meneja aliinua vifaa kimoja kimoja, akaichukua barua iliyokuwa chini yake, akaichana mara mbili bila kuigeuza. Akasema ataandika ya kumthibitisha fundi kazini, leo. Akasema pia ataandika nyingine, ya fundi mkuu, na kwamba hiyo hataichana. Bwana Omu akasema ni sawa. Akatamani iwe ndefu.

Nje, kwenye ukumbi, walitembea pamoja, maana vyumba vyao vya kazi viko upande mmoja na hapakuwa na njia nyingine.

"Baba, usingesema mbele ya yule," alisema mkwe, akimaanisha mtangazaji. "Kesho asubuhi tutaisikia hewani."

"Aseme."

"Mimi nilikuwa nimeshapata ahadi ya kazi ya kufunga kamera. Tungeishi."

"Kamera?"

"Ni kazi pia."

Bwana Omu alitaka kuomba radhi. Alikuwa amelitayarisha neno hilo tangu Ijumaa na alikuwa ameona lina ukubwa unaotosha. Akafungua mdomo, na kabla halijatoka, kijana alinyoosha mkono akamwondolea kile kisanduku na mita alivyokuwa amevikumbatia kifuani. "Lete nikubebee, baba," akasema, kama alivyosema siku zote. Angemtukana ingekuwa nafuu. Akamwachia, akabaki nyuma hatua moja, mikono mitupu, akiuangalia mgongo wa shati la mume wa binti yake mpaka walipofika mlangoni.